Gemu Moja, Namba Mbili

Siku Minecraft inapotoa toleo jipya, marafiki hukosana bure. Mmoja ana kompyuta, wa pili ana simu, wa tatu ana mashine ya Nintendo Switch. Jana walikuwa wote ndani ya dunia waliyoijenga kwa miezi. Leo mmoja wao akibonyeza ili aingie, anaonyeshwa maneno mawili, Outdated client, na anaachwa nje. Anadhani bando limekatika. Anazima simu na kuiwasha, anafuta gemu na kuipakua upya, anambembeleza baba abadilishe laini. Mwenye dunia naye anaulizwa kwa nini amewafungia wenzake, na hajui la kujibu. Kumbe mtandao ni mzima, simu ni nzima, na hakuna aliyefungiwa. Sasisho limewafikia baadhi yao na halijawafikia wengine, basi.

Jambo hili huzipata gemu nyingi zinazochezwa kwa pamoja kwenye vifaa tofauti, lakini Minecraft ya tawi la Bedrock inafaa zaidi kulielezea, kwa sababu inachezwa kwenye simu za Android na iPhone, kompyuta za Windows, Xbox, PlayStation na Switch, na wote wanaweza kuingia katika dunia moja. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani mwenye Xbox alikuwa na gemu yake na mwenye simu alikuwa na yake, na hawakuonana kabisa. Tarehe 20 Septemba 2017 sasisho lililoitwa Better Together liliiunganisha Xbox One na simu pamoja na kompyuta za Windows 10. Switch iliingia tarehe 21 Juni 2018, na PlayStation 4 ikaingia tarehe 10 Desemba 2019. Ukuta wa zamani ulivunjwa, lakini palepale likazaliwa sharti ambalo halikuwepo: wachezaji wote sasa lazima wawe na matoleo yanayoelewana kwa wakati mmoja, ilhali sasisho linawafikia kupitia maduka tofauti, yenye wenye mali tofauti na kanuni tofauti.

Ili kuelewa mlango unavyofungwa, ni vizuri kujua kwamba gemu hii ina namba mbili, na mchezaji huonyeshwa moja tu. Ya kwanza ni namba ya toleo, kama 1.21.2, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa wa mwanzo. Ya pili ni namba ya itifaki. Hii huhesabu mabadiliko katika makubaliano ya mazungumzo: ni ujumbe gani hutumwa, kwa mpangilio gani, na kila tarakimu ndani yake ina maana gani. Anayeamua nani aingie ni namba hii ya pili.

Simu inapotafuta dunia zilizo wazi kwenye mtandao wa nyumbani, hutuma swali fupi kupitia lango namba 19132, na kila dunia iliyo wazi hujibu kwa mstari mmoja wa maandishi. Mwanzo wa mstari huo huwa na sura hii:

```
MCPE;Dedicated Server;686;1.21.2;0;10;
```

Neno la kwanza hutambulisha tawi la gemu, la pili ni jina la seva. Kisha inakuja 686, namba ya itifaki, halafu 1.21.2, namba ya toleo. Sifuri ni idadi ya waliomo kwa sasa, na kumi ni idadi ya juu inayoruhusiwa. Mchezaji akibonyeza kuingia, gemu yake hutaja namba yake ya itifaki kabla ya kitu kingine chochote, kabla hata ya kujitambulisha kwa jina. Upande wa pili unalinganisha. Namba ya mgeni ikiwa ndogo kuliko ya mwenyeji, anajibiwa kwamba yuko nyuma, na hapo ndipo skrini inapoandika Outdated client. Ikiwa ya mgeni ni kubwa, anajibiwa kwamba mwenyeji ndiye aliye nyuma, na skrini inaandika Outdated server. Mazungumzo yanaishia hapo. Hayajafika kwenye ramani, mali wala rafiki zake waliomo ndani.

Maneno hayo mawili yanastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu kila moja linataja upande unaopaswa kusogea. Anayeona la kwanza atafute sasisho. Anayeona la pili hana la kutafuta: kifaa chake kimetangulia, na hata akifuta gemu na kuipakua mara kumi, atapata toleo lilelile lililotangulia. Nimeona watu wakipoteza bando la siku nzima kwa kutotofautisha mambo hayo mawili, na ndiyo sababu nalirudia.

Namba ya toleo, kwa upande wake, inaweza kudanganya. Mtu anaweza kuona wake ana 1.20.10 na mwenzake ana 1.20.15, akakata tamaa, na bado wakacheza pamoja vizuri, kwa sababu matoleo hayo yote mawili yanatumia itifaki namba 594. Marekebisho kati yake yalikuwa ya ndani ya kifaa, hayakugusa mazungumzo. Lakini mwaka 2024 mambo yalienda kinyume. Toleo 1.21.0 lilitoka Juni likiwa na itifaki 685, na 1.21.1 ikabaki na 685 ileile. Ilipokuja 1.21.2, namba ndogo ya mwisho iliongezeka kwa moja tu, lakini itifaki nayo ikapanda hadi 686. Kwa macho ya mchezaji, hatua kutoka 1.21.1 hadi 1.21.2 ni ndogo kuliko ile ya kutoka 1.20.10 hadi 1.20.15. Kwa seva, ya kwanza ni ukuta na ya pili si kitu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wasiruhusiwe tu kuingia, kisha yule wa nyuma akose vitu vichache vipya. Jibu liko katika namna dunia inavyosafirishwa. Seva haitumi picha ya jiwe wala ya mlango. Dunia imekatwa vipande vya tofali 16 kwa 16 kwa 16, yaani tofali 4,096 kwa kila kipande, na kila aina ya tofali huwakilishwa na namba iliyotoka kwenye orodha ambayo pande zote mbili tayari zinayo. Toleo jipya likileta aina mpya za tofali, kama taa za shaba na matofali mapya ya mawe yaliyokuja na 1.21.0, aina hizo hupangwa katikati ya orodha na kuzisogeza nyingine. Ni sawa na jiji kubadilisha namba za njia za matatu usiku mmoja: mwenye orodha ya zamani atapanda gari lenye namba anayoijua, na litampeleka kwingine. Mchezaji wa toleo la zamani angeona ukuta mahali penye mlango, angetembea juu ya sakafu ambayo kwa seva ni maji, na seva ingemrudisha nyuma kila hatua kwa sababu kwake hatua hiyo haiwezekani.

Hata pasipokuwa na tofali jipya, ujumbe wenyewe unaweza kubadilika. Watengenezaji wakiongeza taarifa moja ndogo katikati ya ujumbe, programu ya zamani itaisoma taarifa hiyo ikidhani ni ile iliyokuwa ikifuata, na kuanzia hapo kila kitu kinasomwa vibaya hadi gemu inajifunga yenyewe. Baya zaidi ni kwamba mchezaji huyo angeweza pia kutuma ujumbe mbovu kwenda kwa mwenyeji, na dunia ya miezi ikaharibika. Kwa hiyo kumkatalia mlangoni, ingawa kunauma, ni kumlinda yeye na wenzake.

Linalobaki ni kwa nini sasisho lisiwafikie wote saa moja. Watengenezaji humaliza kazi siku moja, lakini baada ya hapo wanakabidhi kazi hiyo kwa wenye maduka, na kila duka lina mlango wake. Kwenye Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta, mtengenezaji ambaye gemu yake imeshaingia sokoni hutoa masasisho mwenyewe bila kupitia ukaguzi kwa kila moja. Anabonyeza, na baada ya muda mfupi wachezaji wanaanza kupakua. Ndiyo maana katika gemu nyingi mwenye kompyuta huwa wa kwanza.

Kwenye simu kuna ukaguzi. Apple inasema kwamba kwa wastani asilimia 90 ya programu zinazowasilishwa hukaguliwa ndani ya saa 24. Google huonya kwamba ukaguzi wake unaweza kuchukua hadi siku saba, na wakati mwingine zaidi. Baada ya ukaguzi kuna hatua nyingine ambayo wachezaji wengi hawaijui: mtengenezaji anaweza kuchagua kulitoa sasisho kidogo kidogo, ili hitilafu ikijitokeza iwapate wachache. Kwa Apple utaratibu huo huchukua siku saba. Siku ya kwanza husasishwa asilimia 1 ya simu zilizowekwa zijisasishe zenyewe, kisha 2, 5, 10, 20, 50, na siku ya saba wote. Kwa Google mtengenezaji anachagua asilimia mwenyewe na anaweza kusimamisha zoezi akiona tatizo.

Kati ya njia hizo mbili kuna tofauti yenye faida kubwa kwa mchezaji aliyekwama. Kwenye iPhone, kungoja siku saba kunahusu simu inayojisasisha yenyewe tu. Mwenye simu akifungua ukurasa wa gemu kwenye App Store na kubonyeza, atalipata toleo jipya hata kama zamu yake haijafika. Kwenye Android haiko hivyo. Simu ambayo haijachaguliwa katika asilimia ya kwanza haitaonyeshwa sasisho hata mwenye simu akifungua ukurasa huo mara mia. Ndiyo maana ndugu wawili wenye simu za aina moja, katika nyumba moja na kwenye mtandao mmoja, wanaweza kukuta mmoja ana sasisho na mwingine hana. Wote wawili wanasema kweli.

Mashine za gemu ndizo zenye mlango mwembamba zaidi. Sony, Microsoft na Nintendo kila mmoja ana orodha ndefu ya masharti, na wakaguzi wake hupima kama gemu inayatimiza. Ukaguzi wa Nintendo unajulikana kwa jina la Lotcheck. Wakaguzi hawaulizi kama gemu inapendeza. Wanaangalia mambo kama haya: mchezaji akichomoa kidhibiti katikati ya mchezo, gemu inasimama na kumwambia? Akaunti ikibadilishwa, data ya mtu wa kwanza inabaki salama? Mzazi aliyezuia mazungumzo na wageni, kizuizi chake kinaheshimiwa? Sasisho likikwama kwenye sharti moja, linarudishwa, linatengenezwa, kisha linapanga foleni upya. Sasisho lilelile linaweza kupita kwa Microsoft mara ya kwanza na kukwama kwa Nintendo kwa jambo linaloihusu Switch peke yake. Siku zinazopotea hapo ndizo mtoto mwenye Switch anazozihesabu akiwa nje ya dunia ya wenzake.

Zamani ilikuwa vigumu zaidi, maana ukaguzi ulilipiwa. Mwaka 2012 Tim Schafer, mkuu wa studio ya Double Fine, alisema kuweka sasisho moja kwenye mfumo kama wa Xbox 360 kuligharimu dola 40,000. Mwaka huohuo studio ndogo ya Polytron, iliyotengeneza gemu iitwayo Fez, iligundua kwamba sasisho lake liliharibu kumbukumbu za mchezo za wachezaji wachache. Iliamua kulirudisha sasisho hilohilo sokoni na hitilafu yake, kwa kuwa haikumudu gharama ya kupeleka jingine. Microsoft iliacha kutoza ada hiyo mwaka 2013. Ada imeondoka, foleni imebaki.

Studio kubwa hupambana na foleni kwa kutoa sasisho siku moja kwa wote. Hulipeleka mapema kwa wakaguzi wote, husubiri hadi wa mwisho aidhinishe, kisha hulifungua kila mahali kwa saa moja. Fortnite ya kampuni ya Epic hufanya hivyo: seva huzimwa, sasisho hutolewa, na zinapowashwa tena hakuna anayeingia bila toleo jipya. Utaratibu huo una bei yake. Hitilafu ndogo ikigunduliwa kwenye kompyuta leo, dawa yake inaweza kuwa tayari kesho, na bado watu wa kompyuta wakaisubiri kwa sababu ya mkaguzi wa mashine ambayo hawanayo. Na hitilafu inayoizuia gemu kufunguka kabisa kwenye chombo kimoja haiwezi kusubiri hivyo. Mojang, watengenezaji wa Minecraft, hutoa masasisho madogo ya dharura yanayokwenda kwenye baadhi ya vyombo tu, na hapo ndipo kutunza namba ya itifaki bila kuibadilisha kunapokuwa na thamani. Dharura inayobaki ndani ya itifaki ileile humponya mgonjwa mmoja bila kuwatenganisha wengine.

Fortnite yenyewe ilionyesha nini hutokea mlango mmoja ukifungwa kabisa. Tarehe 13 Agosti 2020 Epic iliweka njia yake ya malipo ndani ya gemu bila kupitia Apple, na siku hiyohiyo Apple iliiondoa gemu kwenye duka lake. Walioipakua kabla waliendelea kuwa nayo, lakini masasisho yalikatika. Walibaki na toleo 13.40. Kwa wiki mbili hakuna aliyehisi tofauti, kwani dunia nzima ilikuwa kwenye toleo hilohilo. Msimu mpya ulipoanza tarehe 27 Agosti na kila mtu akapanda hadi 14.00, wenye iPhone na kompyuta za Mac walitengwa na wenzao wa PlayStation, Xbox, Switch na Windows. Waliweza kucheza wao kwa wao tu, ndani ya msimu uliokwisha. Gemu ilirudi kwenye iPhone za Umoja wa Ulaya tarehe 16 Agosti 2024, na kwenye duka la Apple la Marekani tarehe 20 Mei 2025. Waliotengwa hawakuwa na sehemu katika ugomvi ule. Walikuwa na simu ya kampuni moja na gemu ya kampuni nyingine.

Kuna njia ya tatu, nayo ni kuifundisha seva kuzungumza itifaki zaidi ya moja. Mradi huria uitwao Geyser, uliotengenezwa kwanza ili mwenye Bedrock aweze kuingia kwenye seva za Minecraft ya tawi la Java, hupokea itifaki kadhaa za Bedrock kwa wakati mmoja. Aliye na 685 anapokea orodha ya 685, aliye na 686 anapokea ya 686, na tofali ambalo toleo la zamani halilijui linabadilishwa kuwa lingine linalofanana nalo. Hii ni kazi kubwa ya mikono: kila itifaki mpya ikitoka, lazima mtu akae aandike upya tafsiri yake. Seva za watu wengi zinaweza kuimudu. Dunia ya mtoto kwenye kompyuta ya nyumbani haina uwezo huo, inajua namba moja tu. Hali ni hiyohiyo kwa Realms, seva za kukodi za Mojang wenyewe, ambazo husogezwa hadi toleo la karibuni bila kumwomba ruhusa mwenye kukodi.

Basi tuingie katika nyumba moja ya mfano. Tuseme kuna binamu wanne. Mwenye dunia yuko Nairobi na kompyuta ya Windows, wa pili yuko Dar es Salaam na simu ya Android, wa tatu yuko Maskati na Switch, na wa nne yuko Toronto na PlayStation. Wote wako kwenye 1.21.1, itifaki 685. Sasa 1.21.2 inatoka. Kompyuta ya Nairobi inajisasisha usiku bila kuuliza. Jioni mwenye dunia anaifungua, na kwa kuifungua tu, dunia inahifadhiwa katika muundo wa toleo jipya. Kuanzia hapo hakuna kurudi: dunia iliyofunguliwa na toleo jipya haifunguki tena kwa toleo la zamani.

Binamu wa Dar es Salaam anaona Outdated client. Simu yake haikujisasisha kwa sababu duka la Google kwa kawaida husubiri Wi-Fi, na yeye hutumia bando. Anafungua Play Store, anaona kitufe cha kusasisha, anatumia megabaiti alizonazo, na anaingia. Wa Toronto sasisho limemfikia pia. Wa Maskati naye anaona Outdated client, lakini akibonyeza alama ya kujumlisha kwenye Switch na kuchagua kusasisha kupitia intaneti, anaambiwa tayari ana toleo la mwisho. Kwa Switch huo ni ukweli. Sasisho lake bado halijafunguliwa. Wanajaribu ujanja: yeye afungue dunia yake, wengine waingie kwake. Sasa hao watatu ndio wanaoona Outdated server. Kizuizi kimegeuka upande, hakijaondoka, kwa sababu 685 na 686 hazikutani popote.

Binamu wa Maskati hana la kufanya siku hiyo. Hawezi kuharakisha ukaguzi, na hakuna kitufe alichokisahau. Waliokuwa na uwezo wa kuzuia mtengano huu ni waliotangulia, na uwezo huo walikuwa nao kabla ya kusasisha. Hapa kuna jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Mashine za gemu, ambazo mara nyingi ndizo za mwisho kupata sasisho, ndizo pia ambazo mara nyingi hukataa kuingia mtandaoni hadi zisasishwe. Simu na kompyuta, ambazo hutangulia, ndizo zinazomruhusu mwenyewe kusema ngoja. Kwenye Play Store unafungua ukurasa wa gemu, unagusa nukta tatu juu, na unaondoa alama ya kusasisha kiotomatiki kwa gemu hiyo peke yake. Kwenye duka la Microsoft, masasisho yanaweza kusimamishwa kwa muda. Kama mwenye dunia wa Nairobi na binamu wa Dar es Salaam wangefanya hivyo, wangebaki 685 pamoja na Maskati, na ni Toronto pekee angengoja, kwa kuwa PlayStation yake ilishasogea. Watatu wakicheza na mmoja akangoja, au watatu wakisogea na mmoja akabaki nyuma, hesabu inaonekana ileile. Lakini katika njia ya kwanza dunia haijaguswa, na uamuzi bado uko mikononi mwao.

Kwa hiyo kikundi chenye vyombo mchanganyiko kifanye mambo mawili kabla ya msimu wa sasisho kubwa. Mwenye dunia azime kujisasisha, kisha atengeneze nakala ya dunia kwa kitufe cha kunakili kilichomo ndani ya mipangilio ya dunia yenyewe. Sasisho linapotangazwa, kila mmoja aangalie chombo chake na aseme kama limemfikia. Hapo kila mtu awaambie wenzake namba anayoiona chini ya ukurasa wa mwanzo, badala ya kusema tu kwamba kwake kumegoma. Wa mwisho akishalipata, wote wasogee jioni moja. Kwa wenye Switch walio chumba kimoja, menyu hiyohiyo ya kusasisha ina chaguo la kulinganisha toleo na wenzako waliokaribu, ambapo mashine moja humpa nyingine sasisho bila intaneti. Chaguo hilo linafanya kazi kati ya Switch na Switch tu, lakini kwa nyumba yenye mashine mbili na bando dogo linaokoa mengi.

Anayebaki ni yule ambaye simu yake haina gemu iliyotoka dukani. Katika miji yetu faili za Minecraft huhamishwa kutoka simu hadi simu, na nyingi ni nakala zilizogandishwa kwenye toleo la siku zilipochukuliwa. Nakala hiyo haijui sasisho na hakuna duka linaloitambua. Itacheza vizuri peke yake, na itaingia kwenye dunia ya rafiki kwa muda wote ambao itifaki haijabadilika. Namba ikipanda, mwenye simu ataona Outdated client kila siku, na kwake hakuna foleni wala zamu itakayofika. Mzazi anayeulizwa kwa nini simu ya mwanawe inakataa wakati za wenzake zinakubali, aanze kwa kuuliza gemu hiyo ilitoka wapi.